Meno ya kwanza na chupa ya usiku: kiasi cha dawa, namna ya kusugua, na jinsi ya kuitoa chupa kitandani

Kabla ya habari ya mswaki, naomba ufanye jambo moja. Mlaze mtoto wako mahali penye mwanga mzuri, kichwa chake kikiwa mapajani mwako, kisha umpandishe mdomo wa juu kwa kidole mpaka uone ufizi. Futa meno yake ya mbele kwa kitambaa safi kikavu, uyatazame pale yanapochomoza kwenye ufizi. Jino zima hung'aa mpaka shinani. Ukiona mstari mweupe uliofifia kama chaki, unaofuata ukingo wa ufizi na haufutiki kwa kitambaa, jino hilo limeanza kuoza. Halina tundu bado, haliumi, na mtoto anacheza kama kawaida.

Ninatibu meno ya watoto, na wengi huletwa kwangu wakati mstari huo umeshakuwa wa kahawia na jino limeanza kumeguka. Mzazi huniambia, "Daktari, meno yake yalitoka mabovu." Mara nyingi sivyo. Yalitoka mazima, yakaharibikia usiku, kidogo kidogo, mtoto akiwa amelala na chupa mdomoni. Enameli ya meno ya utotoni, lile gamba gumu la nje, ni nyembamba sana ikilinganishwa na ya meno ya ukubwani. Kutoka mstari mweupe hadi tundu, miezi michache inatosha.

Kwa nini meno ya juu ya mbele ndiyo huanza

Mtoto anaponyonya chupa, ulimi wake hutokeza mbele na kuyafunika meno ya chini. Zaidi ya hapo, chini ya ulimi ndiko mate mengi yanakotokea, kwa hiyo meno ya chini huoshwa kila wakati. Ya juu hayana kinga hiyo. Maziwa hutuama kati ya mdomo na meno manne ya juu, na mtoto akishasinzia, humeza kwa nadra na mate yake hupungua sana. Mate ndiyo yanayosafisha kinywa, kupunguza makali ya asidi na kurudisha madini kwenye jino. Yakipungua, bakteria walio kwenye utando unaonata juu ya meno hubaki na sukari yao kwa saa nyingi, wakitoa asidi inayonyonya madini ya enameli.

Hata maziwa yasiyotiwa chochote yana sukari yake ya asili. Mtoto akinywa akiwa macho, akameza na mate yakafanya kazi, si tatizo kubwa. Tatizo ni yakibaki kwenye meno usiku kucha. Ukiongeza sukari, asali, au ukaweka juisi kwenye chupa, uharibifu huenda haraka zaidi. Asali ina hatari nyingine tena kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta sumu ya kulegeza misuli, kwa hiyo hata kuchovya chuchu ya kunyamazishia kwenye asali, usifanye.

Kwa maana hiyo, ukiwaona watoto wawili wenye meno manne ya juu yaliyooza na manne ya chini meupe kabisa, huhitaji kuuliza sana. Mpangilio huo wenyewe unakuambia habari ya chupa ya usiku.

Dawa ya meno: punje ya mchele

Anza kusugua jino la kwanza linapochomoza, ambalo kwa watoto wengi ni la chini mbele, karibu na miezi 6. Wengine hutangulia, wengine hufikisha mwaka 1 bila jino, na hilo peke yake si ugonjwa. Kabla ya hapo kufuta ufizi kwa kitambaa chenye maji kunatosha, na faida yake kubwa ni kumzoeza mtoto kuguswa kinywani.

Kuhusu dawa, hapa ndipo wazazi hunipinga zaidi. Wengi wameambiwa wasitumie dawa yenye floraidi mpaka mtoto ajue kutema. Mtoto hujua kutema vizuri akiwa na miaka 3 hivi au zaidi, na ukisubiri mpaka wakati huo, meno yake yote 20 ya utotoni yatakuwa yameshatoka na kukaa muda mrefu bila kinga. Ushauri wa sasa ni kutumia dawa yenye floraidi tangu jino la kwanza, ila kwa kiasi kidogo ambacho hata akikimeza chote hakina neno.

Kiasi chenyewe ni hiki: kwa mtoto ambaye hajafika miaka 3, paka dawa ya ukubwa wa punje ya mchele, mchele mbichi. Kuanzia miaka 3 hadi 6, ukubwa wa punje ya njegere. Dawa iwe na angalau 1000 ppm za floraidi. Namba hiyo huandikwa nyuma ya bomba au kwenye boksi, kwa maandishi madogo. Dawa zenye picha za kuvutia watoto mara nyingi zina namba ya chini ya hapo au hazina floraidi kabisa, kwa hiyo soma nyuma, usiangalie picha ya mbele.

Tufanye hesabu, maana ndiyo inayoondoa hofu. Dawa ya 1000 ppm ina miligramu 1 ya floraidi katika kila gramu. Punje ya mchele ina uzito wa takriban gramu 0.1, yaani miligramu 0.1 ya floraidi. Ukisugua mara mbili kwa siku na mtoto akameza yote, amepata miligramu 0.2. Sasa chukua ule mstari mrefu wa dawa unaofunika mswaki wote kama kwenye matangazo: unakaribia gramu 1, mara kumi ya punje ya mchele. Mtoto mdogo akimeza kiasi hicho kila siku kwa miaka, meno yake ya ukubwani, ambayo yanatengenezwa ndani ya ufizi wakati huohuo, yanaweza kutoka na madoa. Kwa hiyo wanaoogopa floraidi wana hoja, lakini jibu lake ni kupunguza dawa, si kuiacha. Kama mnaishi mahali ambapo maji ya kunywa yanajulikana kuwa na floraidi nyingi na wakubwa wana meno ya kahawia tangu utoto, zungumza na daktari wa meno kabla ya kuchagua dawa.

Ukishaiweka dawa kwenye mswaki, ikandamize kwa kidole iingie katikati ya nyuzi. Ikikaa juu, mtoto ataifyonza yote mara moja na meno hayatapata kitu. Bomba lenyewe lihifadhiwe asipofika. Mtoto akila sehemu kubwa ya bomba, hilo ni jambo la kumpeleka hospitali, tofauti kabisa na hii punje tunayoizungumza.

Kusugua, hatua kwa hatua

1. Chagua mswaki wenye kichwa kidogo na nyuzi laini. Nyuzi zikitanuka, badilisha.

2. Mlaze. Kumsugua mtoto aliyesimama mbele yako ni kubahatisha, kwa sababu huoni meno ya juu. Keti sakafuni au kitandani, kichwa chake kiwe mapajani mwako, macho yake yakitazama yako kichwa chini. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi: ketini mkitazamana, magoti yagusane, mtoto amwangalie mmoja wenu huku miguu yake ikimzunguka kiunoni, kisha alazwe kichwa kwenye mapaja ya mwingine. Aliyeshika miguu hushika na mikono. Mwenye kichwa ndiye anayesugua.

3. Anza na meno ya juu ya mbele, kwa sababu ndiyo yenye hatari na uvumilivu wa mtoto ni mfupi. Inua mdomo wa juu. Utaona katikati uzi mwembamba wa nyama unaoushika mdomo kwenye ufizi. Mswaki ukiugonga, mtoto huumia sana na kesho atakataa hata kuuona mswaki. Laza ncha ya kidole chako cha shahada juu ya uzi huo, usugue chini yake. Nimeona watoto waliodhaniwa wakaidi wakitulia kwa jambo hili moja tu.

4. Elekeza nyuzi kwenye mpaka wa jino na ufizi, uzungushe mswaki taratibu kwa miduara midogo. Utando hujikusanya pale mpakani, si kwenye ncha ya jino. Kisha upande wa ndani, halafu meno ya chini. Magego yakishatoka, baada ya mwaka 1 hivi, sugua pia juu yake pale kwenye vijitaro, kwa kwenda mbele na nyuma.

5. Usimsuuze kwa maji. Futa povu kwa kitambaa ukipenda. Ile floraidi kidogo inayobaki kwenye meno ndiyo inayofanya kazi usiku.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na ukilazimika kuchagua siku ya taabu, usiache ya usiku. Meno mawili yakishagusana, mswaki hauwezi kupita katikati. Hapo tumia uzi wa meno.

Mtoto akilia wakati wa kusuguliwa, mdomo uko wazi na unaona kila kitu. Sugua upesi kwa upole, umalize, umkumbatie. Ufizi ukitoa damu kidogo, mara nyingi ni kwa sababu utando umeukera, na dawa yake ni kuendelea kusugua vizuri kwa wiki moja au mbili. Damu ikiendelea baada ya hapo, apimwe.

Chupa iwe kabla ya mswaki

Kanuni yenyewe ni fupi: maziwa, kisha mswaki, kisha usingizi. Baada ya mswaki wa usiku ni maji matupu peke yake.

Ila umri una maana kubwa hapa. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji kulishwa usiku, na sitaki mtu asome mwongozo huu akamnyima mwanawe. Mlishe akiwa mikononi mwako, ukimaliza toa chuchu mdomoni kabla hujamlaza. Usimwegemezee chupa kwenye mto ukamwacha. Anaweza kupaliwa, na maziwa yatatuama kinywani. Kati ya miezi 6 na mwaka 1 maziwa bado ni sehemu kubwa ya chakula chake, kwa hiyo chupa ya usiku inaweza kuendelea kama anaihitaji, ila kwa namna ileile: anywe, itolewe, ukiweza ufute meno kwa kitambaa chenye maji. Na kamwe usiongeze maji kupita kipimo kwenye maziwa ya unga ya mtoto wa umri huu ili kuyapunguza makali. Atakosa lishe, na maji ya ziada yanaweza kumdhuru.

Akitimiza mwaka 1, anza kumhamishia kwenye kikombe cha kawaida. Lenga kwamba kufikia miezi 18 chupa iwe imeisha. Kabla ya kuondoa maziwa ya usiku, hakikisha anakula vizuri mchana na uzito wake unakwenda sawa. Kama yuko nyuma kiuzito, pangeni kwanza na wanaomfuatilia kliniki.

Mtoto aliyezoea kulala na chupa

Niwasimulie mtoto mmoja wa miezi 14, maana hali yake ni ya wengi. Mama yake alimleta kwa sababu ya ufizi, si meno. Nilipoinua mdomo nikaona mistari ya chaki kwenye meno manne ya juu, na jino la pembeni kushoto lilikuwa limeanza kulainika. Nikamuuliza, "Mama, chupa ya mwisho anaipata saa ngapi?"

Alikuwa akilala saa 2 usiku na chupa ya mililita 180 mdomoni. Akiamka saa 6 anapewa mililita 120, na saa 10 tena mililita 120. Bibi yake alikuwa anatia kijiko kimoja cha sukari kwenye kila chupa ili ashibe. Mswaki alipigwa asubuhi tu, kwa maji bila dawa. Kwa hiyo tangu saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi meno yale yalikuwa hayapati nafasi ya kupumzika.

Hatukubadilisha yote kwa usiku mmoja. Nimejaribu njia hiyo na wazazi wengine, na wengi hurudia chupa baada ya siku tatu kwa uchovu. Wiki ya kwanza tuligusa mambo mawili: sukari ilipunguzwa nusu kwa siku tatu kisha ikaachwa, na mswaki wenye punje ya mchele ukaanza asubuhi na usiku. Bibi alikuja naye kliniki, nikamfanya auinue mdomo wa mjukuu wake kwa kidole aone mwenyewe. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa sukari nyumbani.

Wiki ya pili, chupa ya saa 2 ilisogezwa. Akanywa kwenye kiti saa 1 na nusu, taa zikiwa zinawaka, kisha mswaki, kisha akabebwa na kuimbiwa mpaka kusinzia. Mtoto aliyezoea kunyonya ndipo alale hakosi maziwa tu. Anakosa ile njia yake ya kuingia usingizini, kwa hiyo lazima umpe njia nyingine. Ukimnyang'anya chupa bila kumpa kitu badala yake, utalala macho wewe na yeye.

Wiki ya tatu zikaja chupa za usiku wa manane. Kila baada ya siku mbili tulipunguza mililita 30: kutoka 120 kwenda 90, kisha 60, kisha 30, halafu maji kidogo kwenye kikombe. Usiku wa tano, zilipofika 30, alilia karibu dakika 40. Mama alinipigia asubuhi akitaka kuacha. Nikamshauri usiku unaofuata aende baba, amgongegonge mgongoni bila kumtoa kitandani. Alilia kidogo, akalala. Kufikia mwisho wa wiki ile alikuwa anaamka mara moja, anakunywa maji, analala.

Wengine hupenda njia ya kuongeza maji taratibu kwenye maziwa mpaka chupa nzima iwe maji. Kwa mtoto aliyepita mwaka 1 na anayekula vizuri inafanya kazi. Mimi napendelea kupunguza kiasi, kwa kuwa mtoto hazoei tena kushika chupa usiku, hata ya maji.

Baada ya miezi mitatu nilimwona tena. Meno matatu, ile mistari ilikuwa bado inaonekana lakini imekuwa migumu na inang'aa, dalili kwamba madini yamerudi na uozo umesimama. Lile la nne lilikuwa na tundu dogo. Nililipaka dawa ya madini ya fedha na floraidi, inayosimamisha uozo bila kutoboa jino, nikiwa nimeshamwambia mama kwamba sehemu iliyooza itakuwa nyeusi na itabaki hivyo mpaka jino ling'oke lenyewe. Alikubali. Wengine hawakubali weusi kwenye jino la mbele, na hapo tunazungumza kuhusu kuziba.

Anayenyonya ziwa la mama

Sitamwambia mama yeyote aache kunyonyesha kwa sababu ya meno. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha kuendelee mpaka miaka 2 na zaidi, na ziwa si chupa, kwa sababu maziwa hutoka pale tu mtoto anapovuta. Lakini baada ya mwaka 1, mtoto anayelala na ziwa mdomoni na kunyonya mara nyingi usiku, huku meno yake hayasuguliwi, naye anaweza kuoza meno. Msugue kabla ya kunyonya kwa mwisho, akisinzia mtoe ziwa, na mchana umwepushe na vyenye sukari.

Ukishaona dalili

Mstari mweupe wa chaki: anza leo kusugua kwa floraidi mara mbili, badilisha mpango wa chupa, na umpeleke kwa daktari wa meno ndani ya wiki chache apakwe floraidi ya kliniki. Katika hatua hii jino linaweza kupona bila kuguswa na mashine. Doa jeupe lililo karibu na ncha ya jino, mbali na ufizi, na linalong'aa, mara nyingi lilikuwepo tangu jino likitengenezwa. Mwonyeshe daktari, lakini si lazima liwe uozo.

Rangi ya kahawia yenye kulainika au tundu: mswaki hauwezi kuliziba, ingawa unaweza kulichelewesha. Usisubiri jino ling'oke lenyewe, kwa sababu meno ya mbele ya utotoni huanza kung'oka karibu na miaka 6 au 7, na huo ni muda mrefu wa maumivu.

Kijipu kwenye ufizi juu ya jino maana yake usaha umefika kwenye mzizi, na kinaweza kupasuka na kutuliza maumivu huku ugonjwa ukiendelea ndani. Apelekwe siku mbili tatu hizi hata kama halii. Ila akivimba shavu, mdomo au chini ya jicho, akipata homa, au akishindwa kumeza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.